Barua ya kujieleza inatakiwa saa tatu asubuhi: usiku huu niandike nini?

*"Shikamoo mzee. Niko mapokezi kwenye hoteli hapa Malindi, mwaka wa nne sasa. Leo saa tisa nimepewa barua nieleze kwa nini nisifukuzwe, na majibu yanatakiwa kesho saa tatu asubuhi. Makosa ni matatu: keshi ya Jumamosi imepungua shilingi 46,500, nimechelewa mara nne mwezi huu, na nimemjibu msimamizi bila adabu. Mgeni mmoja alilipa 31,500 kwa M-Pesa, nahisi niliipiga kwenye mashine kama keshi. Elfu kumi na mbili nilimpa mwenye mashua, msimamizi huyo huyo ndiye aliyeniamrisha. Zilizobaki sijui. Mwenzangu wa usiku alichelewa, nikamwachia askari ufunguo wa droo bila kuhesabu pesa na mtu. Shoga yangu aniambia nisijibu wala nisisaini kitu mpaka nipate wakili. Nimeandika kurasa tatu, nimelia, nimezichana. Nianze wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Jibu lako liende kesho kabla ya saa tatu, wakili apatikane asipatikane. Shoga yako akutakia mema, lakini ushauri wake umechanganya mambo mawili. Kusaini kwamba umepokea barua si kukiri kosa. Andika "Nimepokea", jina, tarehe na saa, basi. Hiyo saa yenyewe yakufaa, maana siku moja huenda mtu akataka kujua ulipewa muda gani wa kujitetea. Na kunyamaza hakukulindi. Ukinyamaza, faili litaandikwa kwamba ulipewa nafasi ukaikataa, na kikao kitaendelea na upande mmoja tu wa habari.

Nimekaa ofisi ya utumishi ya hoteli za pwani miaka mingi, upande wa pili wa meza, nikizipokea barua za namna hii. Nikwambie zinavyosomwa. Msomaji wa kwanza ni meneja, asubuhi, amesimama, chai mkononi. Msomaji wa pili huja baada ya miezi, kama mambo yakiharibika: afisa wa kazi, au jaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa hapa hapa Malindi. Meneja anakujua, huyo wa pili hakujui kabisa. Mwandikie huyo asiyekujua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha amsikilize. Watu wengi hudhani kusikilizwa lazima kuwe kikao cha ana kwa ana. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 2010 kwamba kusikilizwa kwaweza kufanyika hata kwa kuandikiana barua. Kwa hiyo iandike hii ya kesho kana kwamba hakuna kikao kitakachofuata.

Halafu kuna kifungu cha 43, ambacho wafanyakazi wachache wanakijua. Kesi ikifika mbele, mwajiri ndiye wa kuthibitisha sababu ya kufukuza, na sababu hiyo hupimwa kwa yale aliyoyaamini kwa dhati wakati ule anafukuza. Fikiri maana yake kwako. Ukimwekea mbele ya macho yake, kwa maandishi, kwamba 31,500 huenda ziko kwenye tili ya M-Pesa ya hoteli na kwamba karatasi fulani itaonyesha, hawezi tena kusema aliamini umeiba bila kuifungua karatasi hiyo. Usipomwambia kesho ukaja kumwambia jaji mwakani, meneja atajibu, "Mimi wakati ule sikuwa na habari hizo." Kazi ya barua hii ni kumfanya mwajiri ajue kabla hajaamua.

Sasa yale makosa matatu. Hayalingani uzito, na usiku mmoja hautoshi kuyapa haki sawa. Pesa ndiyo inayoweza kukufukuzisha papo hapo, kukupeleka polisi na kukukata mshahara. Ujibu wako kwa msimamizi una uzito pia, kwa sababu kifungu cha 44 kinataja matusi kwa mwenye mamlaka juu yako kama kosa kubwa. Kuchelewa mara nne mara nyingi huishia kwenye onyo. Lakini hata kosa jepesi ukiliacha bila jibu litasomwa kwamba umelikubali, basi lipe sentensi mbili ulimalize. Robo tatu ya barua yako iwe pesa.

Usianze kuandika barua. Chukua karatasi ya rafu ufanye hesabu. Juu kabisa 46,500. Chini yake 31,500 za mgeni wa M-Pesa. Chini yake 12,000 za mwenye mashua. Zinabaki 3,000. Unaona ilivyogeuka? Jioni ulikuwa na shimo la elfu arobaini na sita na nusu lililokuliza. Sasa una mambo matatu tofauti, na kila moja lina namna yake ya kuthibitishwa.

Tuanze na hizo 31,500. Umeniandikia "nahisi", nami nakushukuru kwa neno hilo, usilibadilishe likawa kiapo. Kama kweli uliyapiga malipo ya tili kama keshi, kosa hilo huacha alama isiyofichika: keshi itapungua 31,500, na siku hiyo hiyo tili itakuwa na ziada ya 31,500 kamili kuliko ilivyoandikwa kwenye ripoti ya shifti, na jumla ya mauzo itabaki sawa. Mhasibu akilinganisha taarifa ya tili na ripoti yako ataiona kwa dakika kumi. Ikiwa ziada hiyo haipo, maelezo yako yamekufa, na ungekuwa umeapa ungeonekana mwongo hata kwa yale ya kweli. Kwa hiyo utaandika kwamba inawezekana, na uombe ulinganisho ufanyike. Mtaje mgeni kwa namba ya chumba. Usimpigie simu, usiandike namba yake. Na usiingie kwenye mashine usiku huu kuchukua ripoti ukajitumia kwa simu. Nimeona mtu aliyekuwa na haki yake akifukuzwa kwa kosa la nne alilolizaa mwenyewe hivyo hivyo, la kutoa kumbukumbu za hoteli nje.

Za mwenye mashua: je, kuna vocha? Aliisaini? Fungua simu utazame kama msimamizi alikuandikia ujumbe. Kama amri ilikuwa ya mdomo tu, andika saa, mahali, maneno aliyoyasema kadiri unavyoyakumbuka, na nani alikuwapo. Hapa ndipo hasira itakuvuta uandike kwamba msimamizi akuonea kwa sababu yeye ndiye aliyekuamrisha na yeye ndiye anayekushtaki. Usiandike. Weka aya ya mashua, kisha aya ya majibizano, kila moja na jina la cheo chake. Msomaji ataziunganisha mwenyewe, na akiunganisha yeye ataamini zaidi kuliko ukimuunganishia wewe.

Na elfu tatu zilizobaki andika kwamba hujui ziko wapi. Najua mkono utasita. Lakini barua inayoeleza kila senti ndiyo inayotiliwa shaka. Mara moja, nikiwa bado kijana kazini, nilipokea barua ya mhudumu wa baa iliyokuwa na maelezo matamu ya kila pengo, na pengo moja likaja kugundulika kuwa kosa la kujumlisha la mhasibu wetu wenyewe. Yule bwana alikuwa amebuni sababu ya pesa ambazo hazikupotea. Hapo tukashindwa kuamini hata lile la kweli.

Ufunguo ndio udhaifu wako wa kweli, na wao wanaujua, maana askari atakuwa ameshaulizwa. Useme wewe kabla hujasemewa. Eleza kilichotokea: shifti yako iliisha saa ngapi, ulingoja mpaka saa ngapi, ulimpigia nani, ufunguo ulimpa nani na saa ngapi, na kwamba pesa hazikuhesabiwa na watu wawili. Kisha nyamaza. Kosa hilo usilipatie jina. Kuna neno moja nakuomba lisionekane popote kwenye barua: uzembe. Kifungu cha 19 chamruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara pesa zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake wasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Ukiandika "kwa uzembe wangu" ili uonekane mnyenyekevu, umewaandikia nusu ya hoja ya kukukata. Utazame mkataba wako usiku huu, kama unao nyumbani, kama maneno hayo ya kukabidhiwa pesa yamo. Vivyo hivyo "naomba msamaha kwa hasara niliyosababisha". Unaweza kusikitika kwamba utaratibu haukufuatwa bila kusema hasara imetoka kwako.

Barua yenyewe ikiwa kurasa moja na nusu yatosha. Iandike Kiswahili ikiwa ndicho unachokimudu, hata kama ya kwao ilikuja kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, na Kiingereza cha kubahatisha usiku wa manane ndicho kinachozaa maneno ambayo hukuyakusudia. Sehemu ya pesa ningeiandika hivi, wewe urekebishe kwa ukweli wako:

> Nimepokea barua yenu leo saa tisa alasiri. Nakana kuchukua pesa za hoteli.
>
> Kuhusu upungufu wa shilingi 46,500 wa Jumamosi: mgeni wa chumba namba ... alilipa shilingi 31,500 kwa M-Pesa kupitia tili ya hoteli, yapata saa ... Inawezekana niliyaingiza malipo hayo kama keshi. Naomba taarifa ya tili ya siku hiyo ilinganishwe na ripoti ya shifti yangu kabla ya uamuzi wowote kufanywa.
>
> Shilingi 12,000 nilimlipa mwenye mashua yapata saa ..., kwa maagizo ya msimamizi wa zamu aliyoniambia mapokezi mbele ya ... Vocha niliiweka ...
>
> Shilingi 3,000 zilizobaki sijui zilipo, na sikuzichukua.
>
> Shifti yangu iliisha saa nne usiku. Mwenzangu wa zamu ya usiku hakuwa amefika. Nilimpigia simu saa ..., nikangoja mpaka saa ..., kisha nikamkabidhi askari wa zamu ufunguo wa droo. Hatukuhesabu pesa watu wawili.
>
> Naomba nipewe nakala ya ripoti ya shifti, taarifa ya tili, vocha za siku hiyo na daftari la makabidhiano, na picha za kamera ya mapokezi kuanzia saa tatu usiku Jumamosi hadi saa mbili asubuhi Jumapili zihifadhiwe zisifutwe.

Hilo la kamera usilikose. Mashine nyingi za kamera hujifuta zenyewe baada ya siku kadhaa na kurekodi juu yake. Ukishaiomba kwa maandishi na picha zikafutika baadaye, swali linahamia kwao.

Vilevile ona mahali lilipo neno "nakana". Liko sentensi ya pili, kabla ya maelezo. Barua nyingi nilizosoma zilianza na "Ninayo heshima kubwa kuandika" na historia ya utumishi wa miaka minne, ada ya mtoto, na mama mgonjwa Lamu, na kukana kukaja ukurasa wa tatu. Ya nyumbani ni ya kweli nami siyadharau, lakini mahali pake ni kwenye kikao, ukiulizwa adhabu iwe nini. Kwenye barua ya kukana huonekana kama ombi la huruma la mtu aliyekwisha kukiri.

Kuchelewa: wametaja tarehe nne? Zitazame moja moja. Ulizochelewa, sema ulichelewa dakika ngapi na kama ulitoa taarifa. Usiyoikubali, iseme. Kama hawakutaja tarehe, andika kwamba huwezi kujibu bila tarehe na uziombe. Msimamizi: andika maneno yako yenyewe uliyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu, na yake yaliyotangulia. "Nilimwambia, 'Pesa ya mashua wewe ndiye uliyesema nitoe.'" Ikiwa ndivyo ulivyosema, maneno hayo yenyewe yatajieleza kama ni matusi au si matusi. Ikiwa ulipandisha sauti, kubali sauti, na hapo unaweza kuomba radhi bila kujidhuru.

Malizia kwa kuomba kikao, ukisema utakuja na mwenzako mmoja kazini. Kama u mwanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, mpigie mwakilishi wenu wa hotelini usiku huu huu hata kama ni saa nne, wamezoea.

Waweza kuomba muda zaidi? Waweza, na ni haki kuomba, kwa sababu hukupewa hata siku nzima na karatasi zote ziko kwao. Lakini ombi liwe ndani ya barua hiyo hiyo, usilitume peke yake ukalala ukitumaini. Sentensi moja yatosha: nimejibu kwa kadiri ya kumbukumbu zangu, naomba siku tatu baada ya kupewa nakala nilizoomba ili niongeze. Ikiwa usiku utakushinda kabisa, mtoto kaumwa au umeme umekatika, basi tuma fupi yenye mambo matatu: nakana, naomba nakala hizi, naomba siku kadhaa. Hiyo ni pungufu kuliko barua kamili, lakini imefika.

Hali moja tu yanifanya nibadilishe ushauri. Kama umeambiwa polisi wamekwisha kuitwa, au barua yao yatumia neno wizi, tuma hiyo fupi ya mambo matatu, usiandike maelezo ya ufunguo wala ya mashua mpaka umeonana na wakili ana kwa ana. Utakachokiandika kwa mwajiri chaweza kusomwa mahakamani kwenye kesi ya jinai, na huko una haki ya kunyamaza ambayo ofisini haikusaidii. Kadhalika mtafute mtu wa sheria au afisa wa kazi kabla hujasaini karatasi ya kujiuzulu "kwa hiari" au ya kukubali deni. Hizo mbili huletwa mezani asubuhi, kwa sauti ya upole, na sahihi yako ikishakuwapo ni vigumu kuitoa. Sema tu, "Nitaichukua nikaisome."

Sasa saa zako. Ukimaliza rafu saa tatu usiku, barua iwe imekwisha saa tano. Mpe mtu asiyefanya kazi hotelini aisome kwa sauti, nawe usikilize bila kumweleza kitu. Pale atakapouliza "askari yupi?" au "siku gani?" ndipo pana tundu. Kisha lala. Isome tena baada ya alfajiri, ufute kila sentensi inayoeleza tabia ya mtu mwingine.

Usingoje saiba zifunguliwe, zikikosa umeme saa mbili na nusu utakimbia na tuktuk bure. Mwandiko wa mkono unakubalika, mradi usomeke. Andika nakala mbili, weka sahihi na namba ya ukurasa kila ukurasa, zipige picha. Tuma picha hizo kwa barua pepe ya ofisi iliyokuandikia kabla ya kutoka nyumbani, ili saa ya kutumwa ibaki kwenye simu yako. Kisha peleka karatasi kwa mkono, nakala moja igongwe muhuri au isainiwe "imepokelewa" na saa, urudi nayo. Wakikataa kuisaini usibishane mlangoni: iache, kisha waandikie ujumbe hapo hapo kwamba umeiacha kwa fulani saa fulani.

Na wakija kukufukuza licha ya yote, malalamiko kwa afisa wa kazi yana muda wa miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Siku hiyo nenda na barua yao, nakala yako yenye muhuri, na ile karatasi ya rafu ya hesabu. Usiitupe.